Meza Ngapi za Usajili Zinatosha? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Foleni ya Asubuhi ya Mkutano Mkuu

Ukurasa huu umeandikwa kwa makatibu, wahazini na wajumbe wa kamati za maandalizi ambao huulizwa kila mwaka swali moja: tupange meza ngapi mlangoni ili wanachama wote wawe wameshasaini na kukaa kabla mwenyekiti hajafungua mkutano? Mfano unaotumika tangu mwanzo hadi mwisho ni mkutano mkuu wa chama cha akiba na mikopo unaofanyika katika ukumbi wa mjini Mwanza, wenye wanachama wa mjini, wa Magu, wa Misungwi na wa ng'ambo ya Sengerema. Mkutano unafunguliwa saa 4:00 asubuhi, meza zinaanza kazi saa 2:00, na wanatarajiwa watu 520. Idadi hizi ni za mfano, lakini namna ya kuzihesabu ndiyo tunayoitumia wenyewe.

Je, haitoshi kugawanya idadi ya watu kwa muda uliopo?

Hapo ndipo kamati nyingi huanzia, na ndipo nyingi hukosea. Hesabu yenyewe huwa hivi: watu ni 520, muda ni dakika 120, na meza moja inahudumia takribani mtu mmoja kwa dakika. Ukigawanya 520 kwa 120 unapata 4.3, kwa hiyo unaweka meza 5 na kujiona umeacha hata ziada kidogo.

Kasoro yake ni kwamba inawachukulia watu kana kwamba wanafika kwa mfululizo ulio sawa tangu saa 2:00 hadi saa 4:00. Hawafiki hivyo. Mwanachama anayetoka Nyakato au Buhongwa hupiga hesabu ya daladala yake ili afike karibu na saa ya kuanza. Anayetoka Magu hufika basi lake linapofika. Na anayevuka kwa kivuko cha Kamanga hufika pamoja na wote waliokuwa naye kivukoni. Kati ya saa 2:00 na saa 3:00 makarani huwa wamekaa wakizungumza, na kuanzia saa 3:20 hawaonekani kwa wingi wa watu. Huduma ambayo meza ingeweza kuitoa saa 2:15 haiwekwi akiba kwa ajili ya saa 3:30. Ikishapita imepita.

Nitajuaje meza moja inahudumia watu wangapi?

Pima, wala usikadirie kwa kumbukumbu. Simama nyuma ya meza wakati ambapo foleni haijakatika, anza saa ya kwenye simu mtu mmoja anapoondoka mezani, kisha hesabu watu bila kuisimamisha. Kila anapoondoka mwingine ongeza alama moja kwenye karatasi. Unapomaliza, gawanya sekunde zote kwa idadi ya watu. Kwa njia hii unapata muda wa mzunguko mzima, yaani tangu mtu mmoja kuondoka hadi mwingine kuondoka, pamoja na zile sekunde ambazo mtu wa mbele anakusanya karatasi zake na wa nyuma yake bado hajasogea. Sekunde hizo husahaulika kwa urahisi, ilhali huweza kufika 10 kwa kila mtu.

Katika mfano wetu tulihesabu watu 75 kwenye meza tatu za mkutano uliotangulia, na jumla ya muda ikawa sekunde 3,855. Hiyo ni sekunde 51 na kidogo kwa kila mtu. Lakini ndani ya wastani huo kulikuwa na makundi mawili yasiyofanana hata kidogo. Watu 69 walipita bila tatizo kwa sekunde 35 kila mmoja: 12 za salamu na kutafutwa kwa jina, 8 za saini, 5 za kupewa kabrasha, na 10 za kumpisha anayefuata. Watu 6 waliobaki walitumia dakika 4 kila mmoja, kwa sababu jina halikuonekana, au kitambulisho kilisoma jina la ukoo ambalo daftari halina, au mtu alikuja kumwakilisha mzazi wake na hakuwa na barua. Hao 6, ambao ni asilimia 8 tu ya watu, walitumia zaidi ya theluthi moja ya muda wote wa meza.

Ndiyo sababu kupima watu kumi hakutoshi. Katika kumi unaweza usikutane na hata mmoja mwenye tatizo, ukaondoka na sekunde 35 mfukoni, na ukapanga mkutano mzima juu ya namba hiyo. Vivyo hivyo, usipime kwa kuwapitisha wafanyakazi wenzako ofisini Ijumaa jioni. Wanajua namba zao za uanachama kwa kichwa, hawaulizi choo kiko wapi, na hawana mtoto mgongoni.

Kwa nini mnasema dakika moja kwa mtu, wakati kipimo kimetoa sekunde 51?

Kwa sababu karani hafanyi kazi kila sekunde ya saa nzima, na foleni haimfikii kwa mpangilio kamili. Kalamu inaisha wino, ukurasa wa daftari unageuzwa, mjumbe wa bodi anakuja kuuliza waliofika ni wangapi, mtu wa mbele ya foleni haoni kwamba meza ya mwisho iko wazi. Sisi huchukulia kwamba asilimia 85 ya muda wa meza ndiyo inayohudumia kweli. Sekunde 51 ukizigawanya kwa 0.85 unapata sekunde 60 kamili, na ndipo inapotoka ile kanuni rahisi ya mtu mmoja kwa dakika kwa kila meza.

Asilimia hiyo 85 ni uamuzi wa mpangaji. Makarani waliozoea, walio na msaidizi wa kuelekeza foleni, wanaweza kuvuka hapo. Makarani wapya walioazimwa kutoka idara nyingine asubuhi hiyohiyo wapangie 75. Kitu ambacho hakifai ni kupanga kwa asilimia 100. Wanahisabati wa foleni wamelijua hilo tangu Agner Krarup Erlang wa Denmark alipochapisha utafiti wake juu ya simu za Copenhagen mwaka 1909: kadiri watoa huduma wanavyokaribia kutumika muda wao wote, ndivyo foleni inavyorefuka kwa kasi isiyolingana na ongezeko dogo la watu. Jedwali za Erlang zenyewe hazitusaidii sana hapa, kwa kuwa kwa kawaida hutumika pale wateja wanapokuja kwa wastani usiobadilika, ilhali asubuhi ya mkutano ni mlima unaopanda hadi saa ya kufungua.

Basi idadi sahihi ya meza inahesabiwaje?

Inahesabiwa kutoka mwisho kurudi mwanzo. Kwanza weka saa ambayo foleni lazima iwe imekwisha. Katika mfano wetu si saa 4:00 bali saa 3:50, kwa sababu mtu akishasaini anahitaji dakika chache za kuingia, kutafuta kiti na kusalimiana, na pia kwa sababu asiyesaini hahesabiwi kwenye akidi na mwenyekiti hawezi kufungua mkutano kwa kuangalia umati ulioko nje.

Kisha andika wanaotarajiwa kufika katika kila kipande cha muda. Katika mfano wetu watu 40 wanafika kati ya saa 2:00 na 2:30, watu 80 kati ya 2:30 na 3:00, watu 220 kati ya 3:00 na 3:30, na watu 130 kati ya 3:30 na 3:50. Waliobaki 50 ni wachelewaji, nao tutawarudia. Katika wale 220, watu 90 wanatoka kivukoni na kufika pamoja saa 3:20, na 130 waliobaki wanafika kwa kutawanyika ndani ya nusu saa hiyo, yaani takribani 87 kabla ya saa 3:20 na 43 baada yake.

Sasa jiulize, kwa kila saa iliyoandikwa: wanaofika kuanzia hapa hadi mwisho ni wangapi, na zimebaki dakika ngapi? Watu hao hawawezi kuhudumiwa kabla hawajafika, kwa hiyo wote lazima waingie ndani ya dakika zilizobaki. Gawanya, na kwa kuwa meza moja ni mtu mmoja kwa dakika, jibu lenyewe ndilo idadi ya meza.

| Kuanzia saa | Watakaofika hadi 3:50 | Dakika zilizobaki | Meza |
|---|---|---|---|
| 2:00 | 470 | 110 | 4.3 |
| 2:30 | 430 | 80 | 5.4 |
| 3:00 | 350 | 50 | 7.0 |
| 3:20 | 263 | 30 | 8.8 |
| 3:30 | 130 | 20 | 6.5 |

Idadi ya meza unazohitaji ni ile kubwa kuliko zote katika safu ya mwisho, ikipandishwa hadi namba kamili. Hapa ni 9. Angalia kwamba kama tungeandika vipande vya nusu saa pekee, bila kukitenga kivuko, tungesimama kwenye meza 7 na tusingejua kwa nini foleni ilitushinda. Tofauti ya meza mbili imetokana na kundi moja la watu kushuka kwa wakati mmoja.

Anayetumia lahajedwali anaweza kuweka watu kwenye safu B, dakika kwenye safu C, na dakika kwa mtu kwenye seli F1:

```
=ROUNDUP(B5/C5*$F$1,0)
```

Tungebaki na zile meza 5 za awali, nini kingetokea hasa?

Hadi saa 3:20 kusingekuwa na tatizo lolote, na hapo ndipo penye mtego, kwa sababu kila anayepita huona mambo yanakwenda vizuri. Kivuko kinaposhusha watu 90, pamoja na 43 wanaofika kwa miguu na bodaboda, meza 5 zinahudumia 50 tu hadi saa 3:30, na foleni inakuwa na watu 83. Katika dakika 20 zinazofuata wanaongezeka 130 na wanahudumiwa 100. Saa 3:50 watu 113 wako nje. Hata asipofika mtu mwingine yeyote, watahitaji dakika 23 zaidi, yaani hadi saa 4:13, na wakati huo wachelewaji nao wanajiunga nyuma.

Ajabu ni kwamba meza 5 kwa dakika 110 zinaweza kuhudumia watu 550, na waliofika walikuwa 470. Kwenye karatasi zilitosha na kubaki. Lakini waliohudumiwa hadi saa 3:50 ni 357, na nafasi 193 zilipita bure asubuhi kabla watu hawajafika.

Je, meza zote 9 zifunguliwe saa 2:00?

Hakuna haja. Saa 2:00 meza 2 zinatosha, saa 2:30 ziwe 3, saa 3:00 ziwe 5, na zote 9 ziwe tayari saa 3:10, dakika kumi kabla ya kivuko. Nasema tayari, kwa maana ya daftari kufunguliwa na karani kukaa, si kuitwa kutoka kwenye chai. Wale ambao bado hawajafungua meza wapange viti na makabrasha, lakini kila mmoja aambiwe kwa jina ni saa ngapi anakaa na meza ipi.

Nitapataje picha ya watu wanavyofika, wakati sina takwimu za mwaka jana?

Wengine huchukua daftari la mahudhurio la mwaka jana, lenye safu ya saa ya kusaini, na kulitumia kama picha ya kufika. Hilo lina mtego wake. Wakati foleni ipo, saa iliyoandikwa ni ya kuhudumiwa, haionyeshi mtu alifika lini. Ukiona daftari linaonyesha watu 5 kila dakika kwa saa nzima bila kupanda wala kushuka, ujue unatazama kasi ya meza zako mwenyewe, wala huoni wanachama. Picha ya kweli ya kufika inapatikana kwenye geti: mtu mmoja aliyesimama hapo na karatasi, akiweka alama kwa kila anayeingia na kuandika saa kila baada ya dakika kumi. Ni kazi ambayo kijana mmoja anaiweza, na matokeo yake yanakutumikia mwaka unaofuata.

Kwa mara ya kwanza, usipokuwa na chochote, uliza usafiri. Wanachama wa kila tawi wanakuja na nini, na kinafika saa ngapi? Waliokodi basi dogo wanafika 25 au 30 kwa pamoja. Wanaotoka Ukerewe kwa meli ya Nansio wanafika kundi zima, na meli ikichelewa wanachelewa wote. Upande wa Sengerema sura imebadilika tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, kwa kuwa anayepita huko kwa basi hasubiri tena kivuko cha Busisi. Lakini anayeona Kamanga ni karibu na kwake bado atavuka kwa maji hadi katikati ya mji. Uliza mwaka huu, usitegemee jibu la mwaka juzi. Hesabu kila kundi kama mtu mmoja mwenye mwili mkubwa, na liandike kwenye dakika yake.

Foleni moja au kila meza na foleni yake?

Foleni moja inayogawanyika mbele ni bora kuliko foleni tisa, endapo kila meza inaweza kumhudumia mtu yeyote. Mwenye tatizo la dakika 4 akiwa mbele ya foleni ya meza moja, wote walio nyuma yake wanasimama ilhali meza ya jirani iko wazi. Katika foleni moja wanapita pembeni yake na hata hawamwoni.

Ugumu uko kwenye sharti lenyewe. Ili kila meza imhudumie yeyote, kila meza lazima iwe na orodha nzima, na hapo katibu anauliza, kwa haki kabisa, nini kitamzuia mtu kusaini meza mbili. Jibu letu ni kuchukua kipande cha barua ya mwaliko au kugonga muhuri kwenye kadi ya uanachama wakati wa kusaini. Asiye na kipande au mwenye kadi iliyokwisha kugongwa hasaini tena. Orodha hiyo ipangwe kwa namba ya uanachama, kwa sababu namba hupatikana haraka kuliko jina.

Chama kikiamua kugawa orodha, basi kigawe kwa uangalifu. Kugawa kwa herufi ya kwanza ya jina hakufai huku kwetu: meza ya M inaelemewa na akina Masanja, Mabula, Magesa na Mashauri, huku meza ya Q hadi Z ikisinzia. Tena mtu aliyezoea kuitwa kwa jina lake la kwanza hajui kama ameandikwa hapo au chini ya jina la babu yake, na anapanga foleni mbili. Kugawa kwa mafungu ya namba, yaani 1 hadi 100, 101 hadi 200 na kuendelea, kunaonekana kwa haki lakini kuna hatari iliyojificha. Wanachama wa tawi moja mara nyingi waliandikishwa kwa wakati mmoja, hivyo namba zao zinafuatana. Wale 90 wa kivukoni wanaweza wote kuangukia meza mbili, na watu 90 kwa meza mbili ni dakika 45, hata kama meza saba nyingine hazina mtu.

Tumia tarakimu ya mwisho ya namba. Mwenye 0417 aende meza ya 7, mwenye 0230 aende meza ya 0. Tarakimu ya mwisho haijui mtu anatoka tawi gani wala alijiunga mwaka gani, kwa hiyo kila kundi linatawanyika lenyewe. Itakubidi uwe na meza 10 badala ya 9, na hiyo ya ziada inafidia kidogo kasoro ya kuwa na foleni nyingi.

Je, meza ya matatizo inapunguza idadi ya meza?

Wengi wanadhani hivyo, na mimi pia niliamini hivyo hadi nilipokaa na kalamu. Tuseme mwenye tatizo anatambuliwa kwa sekunde 15 na kupelekwa meza maalumu. Meza za kawaida sasa zina wastani wa sekunde 33 kwa mtu, na kwa wale watu 263 wa kuanzia saa 3:20, ukiihesabu pia ile asilimia 85, zinatakiwa meza 6. Lakini asilimia 8 ya watu hao ni 21, kila mmoja anahitaji dakika zake 4 kama zamani, na ili wote wamalizike kufikia saa 3:50, kwa asilimia 85 ileile, zinatakiwa meza 4 za matatizo. Jumla ni 10, zaidi ya zile 9 za mwanzo. Kazi haikupungua, imehamishwa, na kuhamisha nako kuna gharama yake.

Faida inapatikana tu ukikubali kwamba wenye matatizo wanaweza kuchelewa. Weka meza 6 za kawaida na 2 za matatizo, jumla 8. Wanachama 92 katika kila 100 wanakuwa ndani kwa wakati, na wa mwisho mwenye tatizo anamalizika karibu na saa 4:10. Ikiwa ajenda ya kwanza ni kufungua, dua na kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita, na kura haipigwi kabla ya saa 5:00, mpango huo unafaa. Ikiwa uchaguzi wa bodi ndiyo ajenda ya kwanza, haufai, kwa sababu hata watu wachache walioko mlangoni wakati kura zinapigwa ni malalamiko yaliyokwisha kuandikwa. Kwa vyovyote, kwenye meza za matatizo mkalishe mtu mwenye mamlaka ya kuamua. Karani ambaye kila mara anainuka kwenda kumtafuta katibu anageuza dakika 4 kuwa 10.

Tunalipa nauli wakati wa kusaini. Je, inaathiri?

Inaathiri kuliko kitu kingine chochote kwenye ukurasa huu. Kuhesabu fedha, kuzihakiki mbele ya mwanachama na kuchukua saini ya pili hakupungui sekunde 25, hata kwa mhazini mwepesi wa vidole. Sekunde 51 zinakuwa 76, na meza 9 zinakuwa 14. Tena kila meza inahitaji noti ndogo, na chenji ikiisha kwenye meza moja foleni yote inajua. Lipeni nauli mchana, wakati wa chakula, kwa kupita mezani. Au lipeni kwa simu jioni kwa kufuata orodha ya waliosaini.

Kinyume chake, kuondoa sekunde chache kunalipa sana. Makabrasha yakiwekwa kwenye viti badala ya kukabidhiwa mezani, zinaondoka sekunde 5. Mtu mmoja akisimama mbele ya foleni na kumwelekeza anayefuata kwenda meza fulani kabla aliyepo hajamaliza, zinaondoka nyingine 5. Sekunde 41 kwa mtu zinatoa meza 7.05. Kanuni inasema pandisha hadi 8; mimi ningeweka 7, kwa kuwa hiyo sehemu ndogo iliyozidi ni ndogo kuliko makosa ya kukadiria kivuko kitashusha watu 85 au 95.

Kompyuta na kuskani kadi vinasaidia?

Vinasaidia kutafuta jina, yaani zile sekunde 12, na haviondoi saini, kupishana wala matatizo. Kama usajili wenu unategemea mtandao na umeme, chapisha pia orodha kamili na uiweke chini ya kila meza.

Asubuhi yenyewe, nitajuaje kwamba mpango unanishinda kabla haujanishinda?

Hesabu foleni saa 3:30. Meza 9 katika dakika 20 zinahudumia watu 180, na bado wanatarajiwa 130, kwa hiyo foleni inayoruhusiwa wakati huo ni watu 50. Kwa mpango wetu inapaswa kuwa karibu 43. Ukihesabu vichwa 80, umechelewa kwa watu 30, na unazo dakika 20 za kufanya jambo. Usisubiri saa 3:50 uione foleni kwa macho, maana kwa macho foleni ya watu 40 na ya watu 80 zinafanana zikiwa zimejikunja kivulini.

Pima pia kasi, si urefu pekee. Chagua mtu wa mwisho kwenye foleni, mwenye kofia au kanga inayoonekana, na angalia anachukua muda gani kufika mezani. Watu 45 mbele yake kwa meza 9 ni dakika 5. Akichukua 8, ama meza fulani hazifanyi kazi unavyodhani, ama muda kwa kila mtu umepanda, na mara nyingi sababu ni swali moja jipya ambalo makarani wote wanaulizwa: chakula kipo? nauli inalipwa lini? Bandika jibu kwenye karatasi kubwa mwanzoni mwa foleni na sekunde hizo zinarudi.

Ikiwa umezidiwa kweli, waingize watu ukumbini bila kusaini na upeleke daftari kwenye viti, safu kwa safu, karani mmoja kila safu. Usajili wa kwenye viti huwa wa haraka kwa wasio na tatizo, kwa sababu hakuna kupishana. Lakini mlango mmoja tu ndio utumike kuingilia, na mlinzi awe na orodha ya waliokwisha kusaini nje, la sivyo hesabu ya akidi itabishaniwa hadi jioni.

Na wale wachelewaji 50?

Baada ya saa 3:50 acha meza 3 wazi na uwarudishe makarani wengine ndani. Wachelewaji hufika mmojammoja, na meza 3 zinawaweza bila foleni. Isipokuwa kivuko ndicho kilichochelewa: hapo wale 90 wa saa 3:20 ndio watakaokuwa wachelewaji, nao wakifika saa 4:05 na kukuta meza 3 watasimama nusu saa nje huku mkutano ukiendelea. Kuwa na namba ya simu ya mwanachama mmoja aliye ndani ya kivuko, mpigie saa 3:00, na usimruhusu karani yeyote kuondoka mezani hadi umesikia kwamba wameshashuka.